Rejeta Juu, Pampu Chini: Mahali pa Kufunga Kipozeo cha Maji Kisilie

Kompyuta yenye kipozeo cha maji ikiwashwa asubuhi, wakati mwingine hukoroma. Ndani ya kasha husikika mbubujiko mfupi, kisha kimya, kisha mbubujiko tena. Mwenye mashine hudhani maji yanavuja, au feni imelegea, akafungua kasha, akapapasa kila kiungio na kukuta pakavu kabisa. Hakuna kilichovuja. Anachokisikia ni hewa iliyonaswa ndani ya mzunguko wa maji, na mara nyingi dawa yake haihitaji kifaa kipya. Inahitaji bisibisi na kuhamisha rejeta.

Ninazungumzia vipozeo vile vinavyouzwa vikiwa vimeshajazwa na kufungwa kiwandani, ambavyo wacheza gemu na wahariri wa video huvipenda. Vina sehemu tatu. Kuna bloku inayokaa juu ya prosesa, yenye sahani ya shaba kwa chini na, katika vifaa vingi, pampu ndogo ndani yake. Kuna mipira miwili ya kupitishia maji. Na kuna rejeta yenye feni, ambayo hupimwa kwa jumla ya upana wa feni zake: milimita 120 kwa feni moja, 240 kwa mbili, 360 kwa tatu. Maji huchukua joto kwenye shaba, hupanda mpira mmoja hadi kwenye rejeta, hupoa, hurudi kwa mpira wa pili.

Hewa ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Hakuna kiwanda kinachojaza mzunguko huo mpaka tone la mwisho, na hata kingeweza, maji yakipata moto hutanuka na kuhitaji mahali pa kwenda. Tena hewa hiyo huongezeka. Mpira, hata ulio bora, hupitisha mvuke kidogo mno kupitia ukuta wake. Mwaka hadi mwaka maji hupungua na nafasi yake hushikwa na hewa. Joto huharakisha jambo hilo. Mashine inayofanya kazi kwenye chumba cha nyuzi 32 bila kiyoyozi hupoteza maji upesi kuliko ile iliyo kwenye ofisi ya baridi. Fundi wa gari akikutana na hewa kwenye rejeta hufungua kifuniko, huacha injini ingurume, huongeza maji mpaka viputo viishe. Vipozeo vingi vya kompyuta havina kifuniko cha namna hiyo. Hewa iliyomo itabaki humo humo, na uamuzi pekee ulio mikononi mwako ni ikae wapi.

Hapo ndipo kiini cha suala. Hewa hupanda. Itasafiri na maji kwa muda, lakini kila maji yanapopunguza mwendo, itakimbilia mahali palipo juu kuliko pote katika mzunguko mzima na kujikusanya hapo. Ikiwa mahali hapo ni ndani ya rejeta, hakuna tabu: rejeta ina vitangi vyenye nafasi, na kiputo kikubwa kinaweza kukaa humo miaka bila kuonekana wala kusikika. Ikiwa mahali hapo ni pampu, umeweka hewa mahali pabaya kuliko pote.

Pampu hizi ni ndogo, na impela yake huzunguka kwa kasi ya mizunguko elfu mbili hadi tatu na zaidi kwa dakika. Imetengenezwa kusukuma maji, na maji hayo hayo ndiyo yanayolainisha mhimili wake. Kiputo kikiingia, impela hupiga hewa, kisha maji, kisha hewa; ndiyo ile sauti ya kukwaruza na kubwabwaja. Mtiririko hupungua, prosesa hupata moto, na mhimili unaozunguka mkavu huanza kulika. Kwa hiyo mlio huo ni zaidi ya kero ya masikio. Pampu inayofanyishwa kazi hivyo kwa miezi hufa mapema.

Mwaka 2020 Steve Burke wa Gamers Nexus, chaneli ya Marekani inayopima vifaa vya kompyuta, alitoa video ndefu akieleza jambo hili, na likazua taharuki. Watu waliokuwa na mashine zisizo na tatizo lolote walizifungua usiku huo huo. Wengi walibaki na kanuni moja tu kichwani, kwamba mipira ielekee chini, wakasahau swali lenyewe. Mwelekeo wa mipira ni jambo la pili. La kwanza ni hili: je, sehemu ya juu kabisa ya rejeta ipo juu kuliko pampu? Ukilijibu hilo kwa futi ya kupimia, mengine hufuata.

Rejeta iliyofungwa kwenye dari ya kasha huwa imeshalijibu. Yote ipo juu ya pampu, hewa hutulia upande wake wa juu, na haijalishi sana mipira inatokea mbele au nyuma. Kama dari ya kasha lako inaipokea, funga hapo na usipoteze usingizi. Kikwazo chake ni nafasi. Rejeta ya kawaida ina unene wa milimita 27 hivi, feni 25, jumla 52, na unene huo hushuka kuelekea bodi mama. Vijiti vya RAM vyenye mapambo marefu, au vyuma vya kupozea vilivyo ukingoni mwa bodi, vinaweza kugongana nao. Pia feni za darini kwa kawaida hutoa hewa nje, hivyo hewa iliyokwisha kupashwa moto na kadi ya grafiki hupita kwenye rejeta na prosesa hupata joto nyuzi chache zaidi. Mimi hukubali nyuzi hizo bila kusita kwa ajili ya utulivu.

Rejeta iliyofungwa sakafuni ni kinyume chake. Pampu ndiyo kilele, na hewa yote itaishia kwake. Watu huifunga hapo kwa sababu makasha ya kisasa ya vioo yana matundu ya feni chini, na feni tatu zenye taa zikipangwa hapo hupendeza. Kifaa kipya kinaweza kukaa kimya hivyo wiki kadhaa au hata miezi, kwa kuwa hewa bado ni kidogo, na hilo ndilo huwadanganya watu. Sakafuni zipangwe feni peke yake.

Ubishi wote uko kwenye rejeta iliyosimama, mbele au ubavuni mwa kasha, na hapa inafaa kujua ndani yake pakoje. Kila mwisho wa rejeta una kitangi. Kile chenye viungio vya mipira kimegawanywa kwa ukuta katikati: nusu moja hupokea maji ya moto, nusu ya pili hutoa yaliyopoa. Kitangi cha upande wa pili hakina ukuta. Ni chumba kimoja ambamo maji hufika, hugeuka na kurudi kupitia mifereji mingine. Ukisimamisha rejeta mipira ikiwa chini, kile chumba cha kugeukia kinakuwa juu. Hewa hutulia hapo, mbali na viungio, na maji hugeuka chini yake. Kimya. Ukiisimamisha mipira ikiwa juu, hewa hukaa kwenye kitangi kile kile ambacho maji huingilia na kutokea. Mwanzoni hakuna shida. Lakini kiasi cha hewa kikishakua, maji yanayoingia huanguka ndani ya hewa na kutoa sauti ya kijito, na yanayotoka huondoka na viputo kila baada ya muda, moja kwa moja hadi kwenye pampu.

Kwa hiyo rejeta iliyosimama na mipira juu si kosa la kuua, mradi kilele chake kipo juu ya pampu. Ni mpangilio utakaoanza kulia mapema zaidi. Mipira chini ni bora, lakini nayo ina masharti yake, na kisa kimoja kinayaonyesha vizuri.

Kijana mmoja anayehariri video za harusi aliniletea mashine yake. "Fundi, hii inakoroma kila nikianza kutoa video," alisema, "na wenzangu wameniambia ninunue pampu nyingine." Kasha lilikuwa la kawaida, la wima, lenye kifuniko cha chuma juu ya pawasaplai. Kipozeo kilikuwa cha milimita 240, kimefungwa mbele, mipira ikiwa juu. Kwa kuitazama haraka, ungesema tatizo ni mipira. Tulichukua futi, mashine ikiwa imesimama kama isimamavyo mezani kwake, tukapima vimo vyote kuanzia mezani.

Katikati ya pampu palikuwa milimita 345. Mbele ya kasha palikuwa na nafasi ya feni tatu, na aliyeijenga alikuwa ametumia mbili za chini. Rejeta ya 240 kwa kweli ni ndefu kuliko jina lake, kwa sababu ya vitangi. Hii ilikuwa na urefu wa milimita 277. Ilianzia milimita 60 na kuishia 337. Yaani kilele cha rejeta kilikuwa chini ya pampu kwa milimita 8. Nani angeliona hilo kwa macho? Mashine ilionekana kuwa na rejeta ndefu iliyosimama mbele kama inavyotakiwa, kumbe mahali pa juu kabisa palikuwa pampu na kona ya mipira iliyojikunja juu yake.

Kugeuza mipira tu kusingesaidia. Kitangi cha kugeukia kingekuwa juu, sawa, lakini bado chini ya pampu, na hewa ingebaki palepale. Ilibidi rejeta ipande. Matundu ya skrubu mbele ya kasha hilo yalikuwa marefu kama mfereji, si ya duara, hivyo tuliweza kuipandisha milimita 90: ikaanzia 150 na kuishia 427. Sasa kilele kilikuwa juu ya pampu kwa milimita 82. Hapo ndipo kugeuza mipira chini kulipokuwa na maana, na hapo pia ndipo swali la urefu wa mipira lilipojitokeza.

Viungio vilikuwa sasa kama milimita 165 kutoka mezani, yaani 180 chini ya pampu. Kutoka pampu hadi rejeta kwa ulalo kulikuwa na 240. Mstari ulionyooka kati yao ni milimita 300. Mipira yake ilikuwa na urefu wa 400, kwa hiyo ilibaki 100 ya kupinda na kuzunguka ncha ya kadi ya grafiki. Ilitosha, kwa shida kidogo. Kama mipira ingekuwa imevutika, ningeirudisha juu na kuiacha rejeta pale ilipopanda, kwa sababu mpira uliokazwa huchosha viungio na ule uliokunjika hukata mtiririko, na yote mawili ni mabaya kuliko mbubujiko. Angalia pia urefu wa kadi yako: rejeta na feni zake hula zile milimita 52 kutoka kwenye nafasi ya kadi.

Kabla ya kufunga kasha tulitoa hewa kwenye pampu. Hii haina maana ya kuitoa nje. Ni kuisukuma kutoka pampuni hadi kwenye rejeta. Kama ndani mna diski ngumu ya kuzunguka, ichomoe nyaya kwanza, maana haipendi kutikiswa ikiwa inafanya kazi. Washa mashine, acha pampu iende kwa kasi kamili, kisha inamisha kasha taratibu hadi nyuzi 45 kwa mbele, lishikilie kidogo, lirudishe. Kisha nyuma, kisha kushoto na kulia. Gonga rejeta kwa kidole ili viputo vilivyong'ang'ania vitoke. Utasikia mbubujiko mkubwa ukipita, na usiogope, ndiyo hewa inayohama. Baada ya hapo mashine huachwa imesimama. Mlio mdogo unaweza kuendelea kwa saa kadhaa na kujirudia siku ya kesho yake unapowasha. Ukipungua kila mara, kazi imekwenda sawa. Yule kijana aliirudisha mashine nyumbani na pampu ile ile.

Kulikuwa na jambo la pili kwenye mashine yake, dogo lakini la kawaida sana. Waya wa pampu ulikuwa umechomekwa kwenye pini za feni ya kasha, na bodi ilikuwa ikibadilisha kasi yake kadiri joto lilivyopanda na kushuka. Pampu inayoongeza na kupunguza kasi ghafla hubandua viputo vilivyokuwa vimetulia. Kwenye bodi nyingi kuna pini zilizoandikwa `AIO_PUMP` au `PUMP_FAN`. Kama hazipo, tumia `CPU_FAN`. Ingia kwenye BIOS uweke pini hizo kasi kamili au kasi isiyobadilika, kisha feni za rejeta ndizo zifuate joto. Fuata pia kijitabu cha kifaa chako, maana pampu nyingine hupata umeme wake kwenye waya tofauti na ule wa pini hutoa taarifa ya kasi tu.

Kabla hujafungua chochote, hakikisha unachokisikia ni hewa kweli. Zuia feni za rejeta kwa sekunde chache, au uzipunguze kasi kwenye BIOS. Mlio ukikoma, ni feni. Mlio mwembamba unaopiga filimbi wakati gemu nzito inapochezwa mara nyingi hutoka kwenye koili za kadi ya grafiki au pawasaplai, na hakuna rejeta utakayoihamisha ikauponya. Mlio wa hewa hubadilika ukiinamisha kasha, na mara nyingi huwa mkubwa zaidi dakika za kwanza baada ya kuwasha. Gusa pia mipira miwili mashine ikiwa kwenye kazi nzito. Mtiririko ukiwa mzuri, joto la mipira hukaribiana sana. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi kabisa, maji hayatembei vya kutosha. Fungua programu ya kusoma joto, kwa mfano HWiNFO64: prosesa ikiruka hadi nyuzi 95 au 100 mara tu kazi inapoanza huku rejeta ikiwa baridi mkononi, joto halifiki kwenye rejeta, na hapo chunguza kama bloku imekaa sawa kwenye prosesa, kisha uishuku pampu.

Yote niliyosema yanahusu pampu iliyo juu ya prosesa. Zipo zilizo kwingine. Katika Pure Loop ya be quiet!, kwa mfano, pampu ipo katikati ya mpira, na vifaa vingine huiweka ndani ya rejeta yenyewe. Swali halibadiliki: tafuta pampu ilipo, kisha hakikisha kuna sehemu ya rejeta iliyo juu yake. Pampu ikiwa ndani ya rejeta, ule mwisho wenye pampu usielekezwe juu. Kadi ya grafiki yenye kipozeo chake cha maji nayo ina pampu, na kwa kuwa hukaa chini ya prosesa, ni rahisi kuiwekea rejeta juu yake. Kwa mashine inayolazwa chini ya runinga, au kasha ambalo bodi mama imegeuzwa kichwa chini, usitegemee picha ya kwenye boksi. Pima ikiwa imekaa vile itakavyotumika.

Itafika siku, baada ya miaka, ambapo rejeta ipo juu, mipira ipo chini, waya upo mahali pake, na bado kipozeo kinabubujika hata baada ya kuinamishwa. Hapo maji yamepungua mno. Vipozeo vichache, Pure Loop ikiwa mojawapo, vina kizibo cha kuongezea maji, na kwa hivyo fuata kijitabu na utumie maji kinayoyataja. Vingine vyote usivifungue. Maji yaliyomo yana dawa za kuzuia kutu, na kibandiko kikikatwa dhamana hukatika nacho. Dhamana za vifaa hivi mara nyingi ni kati ya miaka 3 na 6, na pampu inayolia ikiwa imefungwa ipasavyo ni sababu tosha ya kudai kingine, kwa hiyo tunza risiti.